Kurasa Nane za Juzuu la Pili

Simu iliita saa nne kasorobo asubuhi, wakati Mama Ripoti amesimama kwenye mashine ya kubana vitabu, akihesabu kurasa kwa kidole gumba kilicholowa. Aliyepiga alikuwa dereva wa gari la zamu la idara ya maji, mtu ambaye kwa kawaida hapigi simu bila kuanza na utani. Siku hiyo hakutania.

"Mama Ripoti, uko na mtu hapo?"

"Niko na mashine tu. Kuna nini?"

"Kaa kwanza."

"Nimekaa," alisema, ingawa alikuwa bado amesimama.

"Ni mdogo wako. Chumba cha valvu namba sita. Tumemtoa, lakini... tumemtoa amechelewa, dada. Mungu amempenda zaidi."

Kisha Mama Ripoti akauliza swali ambalo dereva alilisimulia baadaye kwa watu wengi, kwa sababu hakulitarajia kutoka kwa dada wa marehemu.

"Walipima hewa?"

"Walipima. Kidude kilionyesha salama kabisa."

"Walipimia wapi?"

"Pale pale juu, mdomoni mwa shimo. Kwani hupimiwa wapi?"

Alikata simu, akaketi juu ya boksi la karatasi. Alikuwa anajua hupimiwa wapi. Alikuwa ameliandika jibu hilo mwenyewe, kwa herufi safi, na kisha akalitoa kwa mikono yake.

Jina la Mama Ripoti alipewa na vijana wa masijala, kwa kuwa kwa miaka kumi na tisa hakuna ripoti ndefu iliyotoka katika idara ile bila kupita mezani kwake. Hakusoma uhandisi. Alimaliza kidato cha nne, akajifunza kupiga chapa, akaajiriwa. Wahandisi walimletea maandishi yaliyojaa mishale na kahawa, naye akawarudishia kitabu. Alijua ukurasa wa jina unakaa wapi, yaliyomo yanafuata nini, na jedwali lisikatwe katikati. Aliyemfundisha, mkuu wa zamani wa uchapaji ambaye sasa ni marehemu pia, alikuwa na msimamo mkali juu ya mambo mawili.

"Vifupisho viwe mbele," mzee yule alikuwa akisema. "Baada ya yaliyomo, baada ya orodha ya majedwali na michoro, kabla ya sura ya kwanza. Mtu akutane navyo kabla havijamkuta. Na hata hivyo, kifupisho kikitokea mara ya kwanza ndani ya maandishi, kiandike kwa urefu. Orodha si ruhusa ya uvivu."

"Na istilahi?"

"Istilahi zinaweza kukaa mwisho, kwa sababu maelezo yake ni marefu. Lakini mwambie msomaji mapema kwamba ziko huko. Na kama msomaji hawezi kufanya kazi bila kuzijua, zipeleke mbele pamoja na vifupisho. Usimwulize mhandisi. Jiulize nani atakishika kitabu."

Mama Ripoti hakusahau. Na nani atakishika kitabu alikuwa anajua vizuri, kwa sababu mmoja wao alikuwa amezaliwa naye tumbo moja.

Mdogo wake alikuwa fundi wa mabomba makuu. Wenzake walimwita Mifuniko, maana kila siku ya Mungu kazi yake ilianza kwa kufungua mfuniko wa chuma barabarani. Alikuwa na mabega mapana na sauti nzito iliyobeba upande mzima wa besi kwenye kwaya ya kanisa. Alikuwa na mke, watoto wawili, na tabia ya kuingia nyumbani kwa dada yake bila kubisha, moja kwa moja hadi jikoni, akifunua sufuria.

"Huko kazini unafunua, huku unafunua," dada yake alikuwa akimwambia. "Hujachoka?"

"Za kazini hazina harufu nzuri, dada."

Ripoti yenyewe ilianza mwaka uliotangulia, baada ya fundi mmoja wa kituo kingine kuzimia ndani ya chumba cha valvu na kuponea chupuchupu. Idara ilifanya ukaguzi wa vyumba vyote vya chini ya ardhi, vyumba mia moja na arobaini. Miezi minane baadaye, matokeo yakaja mezani kwa Mama Ripoti yakiwa marefu kiasi kwamba ilibidi yagawanywe majuzuu matatu. La kwanza lilikuwa la wakurugenzi: muhtasari na mapendekezo. La pili lilikuwa la vituo: kila chumba, hatari zake, na mambo ya kufanya kabla ya mtu kuingia. La tatu lilikuwa la vipimo vya maabara, michoro na viambatisho.

Moyo wa juzuu la pili ulikuwa jedwali. Lilikuwa na safu saba, na ili safu zote zienee kwenye ukurasa, ile ya mwisho ilibaki nyembamba kama utepe. Safu hiyo iliitwa "Kabla ya kuingia", na ndani yake, chumba baada ya chumba, palikuwa na herufi tu: KH, KU, MN.

Mama Ripoti alizipangia mahali pake. Mbele ya kila juzuu aliweka orodha ya vifupisho ya ukurasa mmoja, ambayo ilisema KH ni kipimo cha hewa, KU ni kamba ya uokoaji, MN ni msimamizi wa nje. Katika juzuu la pili, baada ya ukurasa huo, aliongeza kurasa saba za istilahi. Humo ndimo kila kitu kilipoelezwa. Kipimo cha hewa: kinachukuliwa juu, katikati na chini kabisa, kwa kuteremsha kidude kwa kamba, kwa sababu hewa mbaya inaweza kulala chini wakati juu ni salama. Kamba ya uokoaji: imefungwa kwenye mkanda wa mwilini mwa anayeingia kabla hajakanyaga ngazi. Msimamizi wa nje: mtu anayebaki juu muda wote, haingii hata mwenzake akianguka, anaita msaada na kuvuta kamba.

Jumla zilikuwa kurasa nane, zenye namba za Kirumi, kama zilivyo kurasa zote zinazotangulia sura ya kwanza.

Siku ya kubana, juzuu la pili likakataa kuingia. Ringi ya kubania iliyo kubwa kuliko zote stoo ilibeba karatasi kiasi fulani tu, na kitabu kilizidi. Mama Ripoti alijaribu mara tatu. Kurasa za mwisho zilichanika matundu. Akaenda kwa Mhandisi Mkuu.

Mhandisi Mkuu hakuwa mtu mbaya, na asije mtu akasema hivyo. Alikuwa mtu mwenye mkutano saa nane.

"Limezidi kiasi gani?"

"Kama kurasa nane hivi, bosi. Tuligawe mara mbili. Juzuu la pili A na la pili B."

"Wakurugenzi wameshaidhinisha majuzuu matatu. Nikipeleka manne nitaulizwa mwezi mzima." Akalifungua, akapekua mwanzo. "Hizi hapa si ndizo nane? Vifupisho na istilahi. Zipo pia kwenye juzuu la tatu?"

"Zipo nyuma, kama kiambatisho."

"Basi. Mtu akitaka atazikuta huko."

"Vituo havipelekewi la tatu, bosi. Wanapewa la pili peke yake."

"Wale ni mafundi wa miaka mingi. Wanajua kazi yao." Akageuza ukurasa mmoja, kisha akasema neno ambalo Mama Ripoti alilibeba hadi makaburini. "Uzuri wake ziko kwenye namba za Kirumi. Zikitoka, ukurasa wa kwanza unabaki ukurasa wa kwanza. Hakuna atakayejua palikuwa na kitu."

Mama Ripoti akasimama pale na kitabu mikononi. Alikuwa na neno la kusema. Lakini alikuwa mpiga chapa mwenye kidato cha nne, na yule alikuwa na mhuri.

"Niweke angalau mstari mmoja, kwamba maelezo yako juzuu la tatu?"

"Weka."

Akauweka mstari, chini ya yaliyomo. Akafuta orodha mbili kwenye yaliyomo. Akazitoa kurasa nane, na juzuu la pili likaingia kwenye ringi bila tatizo. Nakala ishirini na mbili zikatoka mchana huo kwenda vituoni.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, mdogo wake alikuja kula, na mke wake na watoto.

"Tumepata kitabu chenu," alisema, akifunua sufuria. "Kizuri. Kizito. Mwenzangu anakitumia kuzuia mlango usipigwe na upepo."

Mwenzake wa zamu alikuwa mtu mwembamba waliyemwita Mrefu.

"Mmekisoma?"

"Tumekisoma. Mpaka pale penye herufi za wakubwa. KH, KU, sijui nini. Mrefu anasema hizo ni sahihi za waliokagua. Eti KH ni yule mzee mwenye miwani."

Alicheka, na mke wake akacheka, na watoto wakacheka kwa kuwa baba amecheka. Dada yake hakucheka.

"Si sahihi za mtu," alisema. "Ni vitu vya kufanya kabla hamjashuka. Kuna mahali pameelezwa, juzuu la tatu."

"Hilo la tatu liko wapi?"

"Ofisini."

"Basi limelala salama. Sisi ndio tunaoshuka."

Jumatatu, wakati wa chakula cha mchana, Mama Ripoti alitoa chapa ya orodha ya vifupisho. Ukurasa mmoja. Alifikiria na zile saba za istilahi, hata akazifungua kwenye kompyuta. Lakini mtu mwenye funguo za mashine alikuwa mlangoni, na karatasi isiyo na namba ya waraka haikuruhusiwa kutoka. Ukurasa mmoja ungekunjwa na kuingia kwenye mkoba. Saba zingeonekana. Akajiambia kwamba maana ya herufi inatosha, na kwamba mtu akishajua KH ni kipimo cha hewa, mengine atayajua mwenyewe. Alijiambia pia kwamba akiwa na nafasi atazitoa zile saba wiki nyingine. Na vituo vingine ishirini na kimoja? Vile alivikabidhi kwa Mungu kwenye sala zake za asubuhi, kisha akainuka na kwenda kazini, ambako vilikuwa mikononi mwake.

Alimpelekea mdogo wake ukurasa ule. Naye Mifuniko, Mungu amrehemu, hakuudharau. Aliubandika ndani ya jalada la juzuu la pili kwa gundi ya mabomba. Akaenda stoo akakipigania kile kidude cha njano cha kupimia hewa, ambacho kilikuwa kabatini bado na nailoni yake. Akapata kamba. Akamwambia Mrefu, "Kuanzia leo mmoja anashuka, mmoja anasimama juu. MN. Sasa wewe ni cheo, si mtu tu."

"Nilipwe posho ya cheo, basi," alisema Mrefu.

Wiki saba walifanya hivyo. Walipima, waliweka kamba kando ya shimo, mmoja alisimama juu. Dada yake alipokuwa akimwuliza, alijibu, "Tunafuata karatasi yako, dada, mpaka nukta." Naye alifurahi, ila furaha yenyewe haikukaa vizuri kifuani. Mara mbili aliota anahesabu kurasa na hesabu haitimii. Zile saba zilibaki kwenye kompyuta. Wiki ya kwanza palikuwa na ripoti ya bajeti. Ya pili mashine iliharibika. Baadaye jambo likawa kama deni la sala, ambalo mtu hulikumbuka akiwa tayari amelala.

Asubuhi ile ya chumba namba sita, ilikuwa zamu ya Mrefu kushuka. Yote yaliyotokea yeye ndiye aliyeyasimulia, akiwa hospitali na bomba la hewa puani, na dereva akajazia sehemu ambazo Mrefu hakuwa na fahamu.

Walifungua mfuniko. Mifuniko akakishika kidude mdomoni mwa shimo, kikaonyesha salama. Kamba ilikuwa pale, imeviringishwa vizuri, kando ya ngazi. Mrefu akashuka, akiimba kwa kejeli ubeti ambao kwaya ilikuwa imeukosea Jumapili. Chumba kilikuwa na kina cha mita tano. Alipofika ngazi ya mwisho, wimbo ukakatika katikati ya neno.

"Mrefu," Mifuniko akaita. Kisha tena, "Mrefu, acha mzaha."

Dereva alikuwa hatua thelathini, kwenye gari. Alisikia akiitwa mara moja, na alipofika shimoni alimkuta Mifuniko ameshaingia ngazi tatu chini, ncha ya kamba mkononi.

"Ngoja tuite watu," dereva alisema.

"Ana watoto wadogo," Mifuniko alijibu. "Shika huku. Nikitikisa, vuta."

Akavuta pumzi ndefu, kama afanyavyo kabla ya mstari mrefu wa besi, akashuka. Alimfunga Mrefu kamba chini ya makwapa na kuitikisa. Dereva, pamoja na wapita njia wawili, wakavuta. Mrefu akatoka juu, midomo ya bluu lakini anapumua. Wakamfungua haraka, wakairudisha kamba shimoni. Ilifika chini. Hakuna aliyeitikisa.

Watu wa zimamoto walipokuja na mitungi yao mgongoni walimtoa kwa dakika nne. Mkuu wao alipima hewa ya chini kwa kuteremsha kidude chake kwa kamba, akaangalia namba, akatikisa kichwa. Aliuliza nani alikuwa msimamizi wa nje. Dereva akamwonyesha aliyelala chini ya shuka.

Nyumbani palijaa watu kwa siku tatu. Mama Ripoti alipika, aliosha vyombo, alipokea wageni, akakwepa kukaa. Siku ya pili Mhandisi Mkuu alifika na gari la ofisi. Alikuwa ameleta rambirambi, na mikono yake ilikuwa haina mahali pa kukaa.

"Nimesoma karatasi iliyobandikwa kwenye nakala ya kituo," alisema kwa sauti ya chini. "Sikujua ulimpelekea."

"Nilimpelekea nusu."

"Kesho tunachapa upya."

"Kila kituo," alisema Mama Ripoti. "Vifupisho na istilahi, zote nane, mbele ya jedwali. Kama haliingii kwenye ringi, likatwe mara mbili. Na kwenye jedwali tutaandika maneno kamili, hata kama safu itakuwa pana kama shuka."

"Sawa."

"Si kesho, bosi. Leo. Kuna watu wanashuka leo."

Mhandisi akatoa simu, akatoka nje kupiga. Hakurudi kumaliza chai.

Jioni, wageni walipopungua, mke wa marehemu alimwita chumbani. Alikuwa ameketi sakafuni, mgongo kwenye kitanda, macho makavu ya mtu aliyekwisha kulia.

"Wifi," alisema, "Mrefu ameniambia walifuata karatasi yako. Kila kitu kilichoandikwa pale walikifanya. Nataka kuuliza. Ile karatasi ilikuwa imekamilika?"

Mama Ripoti angeweza kusema ndiyo. Hakuna aliyekuwepo wa kumsuta. Alikaa chini, wakatazamana, magoti kwa magoti.

"Haikukamilika. Kulikuwa na kurasa saba nyingine. Zilieleza wapime mpaka chini, na anayesimama juu asishuke kwa hali yoyote. Nilizitoa mimi kwa amri ya bosi, na sikuzirudisha kwa uoga wangu. Nilimpa mume wako majina ya vitu, maana yake nikaiacha ofisini."

Sebuleni mtu alikuwa akikohoa.

"Angeshuka tu," alisema wifi. "Unamjua. Hata kama ungemwandikia ukutani."

"Labda. Lakini Mrefu asingeanguka kama wangepima chini."

"Ndiyo," alisema wifi. "Hilo ndilo linaloniuma." Kisha akaongeza, bila kumtazama, "Sitakuambia nimekusamehe leo, nitakuwa nasema uongo mbele ya Mungu. Lakini usiondoke. Kesho utakaa upande wangu."

Mazishi yalikuwa saa nane mchana. Mchungaji alisoma neno fupi, akaomba kwa ajili ya mjane na watoto, na kwa ajili ya wote wanaofanya kazi chini ya ardhi. Kwaya iliimba pande tatu. Ya nne, ya besi, ilikuwa na watu wawili tu na haikusikika vizuri. Mafundi sita wa idara, wakiwa wamevaa mashati meupe, waliteremsha jeneza kwa kamba, polepole, bila kuyumba. Mrefu hakuwepo, alikuwa bado kitandani. Dereva alisimama nyuma ya watu wote.

Wifi alitupia udongo kwanza, kisha watoto, kisha mama mzazi wa marehemu, aliyeshikwa mikono miwili. Mama Ripoti alifuata. Aliinama, akachota udongo kwa mkono wa kulia, akaumwaga juu ya jeneza, akasema, "Nenda na Bwana, mdogo wangu." Akarudi upande wa wifi yake, akasimama hapo. Mafundi walichukua sepetu wakajaza kaburi, na ilipofika saa tisa na nusu kazi ilikuwa imekwisha. Mchungaji akatoa baraka. Watu wakaanza kuondoka kwa vikundi vidogo, wakipita katikati ya makaburi kuelekea lango.